Hukumu iko mkononi, fedha ziko wapi?

Alitujia baada ya sala ya magharibi, bibi mtu mzima wa hapa Mombasa, ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Ndani mlikuwa na hukumu ya mahakama ya hakimu yenye muhuri. Aliyenunua tuktuk ya marehemu mumewe kwa malipo ya awamu alilipa awamu nne kisha akanyamaza, na hakimu alikuwa ameamua kuwa mtu huyo amlipe mjane shilingi 360,000 zilizobaki pamoja na gharama za kesi shilingi 18,000. Jumla 378,000. Miezi miwili ilikuwa imepita. Bibi alituuliza swali moja tu: "Wanangu, mahakama hulipa siku gani ya mwezi?"

Hatukucheka, kwani swali hilo tumelisikia mara nyingi, hata kutoka kwa watu waliosoma. Wengi hudhani kwamba mtu akishinda kesi ya fedha, mahakama huzitafuta fedha hizo na kumwita mshindi aje azipokee. Sivyo. Hukumu inathibitisha kwamba fulani anamdai fulani, basi. Ikiwa mdaiwa halipi kwa hiari, ni juu ya mdai mwenyewe kurudi mahakamani na kuomba hukumu ikazwe, yaani itekelezwe kwa nguvu ya sheria. Na katika ombi hilo ni yeye atakayeiambia mahakama ishike nini: vyombo vya nyumbani, mshahara, au fedha zilizoko benki. Mahakama haimchagulii.

Tunaisimulia safari ya bibi huyu kwa ruhusa yake, tukiwa tumebadilisha mambo machache ili wahusika wasitambulike. Tunaieleza kwa sababu alizipita njia zote tatu, na alizipita kwa mpangilio uliomgharimu.

Kwanza ombi lenyewe. Chini ya Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai ya Kenya, sura ya 21, na kanuni zake za mwaka 2010, Agizo la 22, ombi la kukaza hukumu hutaja namba ya kesi, majina ya pande zote mbili, tarehe ya hukumu, kiasi kilichoamriwa, kiasi kilichokwisha kulipwa kama kipo, na namna mdai anavyotaka mahakama imsaidie. Hukumu haiozi upesi, kwani sheria ya ukomo wa madai inatoa miaka 12 ya kuikaza. Lakini mdai akikaa zaidi ya mwaka mmoja bila kuchukua hatua, mahakama itamwita mdaiwa kwanza aje aeleze kwa nini hukumu isikazwe dhidi yake. Huo ni mwito unaomwamsha mdaiwa aliyekuwa amesahau, na mwenye nia mbaya huutumia kuhamisha mali. Kwa hiyo miezi miwili ya bibi yetu haikuwa hasara, ila alikuwa na haraka ya kuanza, na haraka hiyo ndiyo iliyompeleka kwa dalali.

Tuseme kweli: dalali ndiye anayejulikana na watu. Mtu akisikia neno deni, anaona lori limesimama mlangoni na makochi yakipandishwa. Bibi aliomba waranti ya kukamata mali, mahakama ikaitoa, nayo ikapewa dalali mwenye leseni.

Sasa ndugu msomaji, hapa pana mambo ambayo kila familia inapaswa kuyajua, iwe upande wa kudai au wa kudaiwa. Dalali anapofika mara ya kwanza haji kubeba. Anakuja kuandika. Kanuni za madalali za mwaka 1997 zinamtaka aorodheshe kila kitu anachokikamata, hali yake na thamani yake anavyoikadiria, kisha mwenye mali au mtu mzima anayeishi au kufanya kazi pale aitie saini orodha hiyo. Akikataa kutia saini, dalali anaandika kwamba amekataliwa na mambo yanaendelea. Hapo hapo anaacha notisi ya siku saba. Katika siku hizo saba mdaiwa anaweza kulipa na kuikomboa mali yake, na dalali haruhusiwi kuiondoa kabla hazijaisha. Anayefika asubuhi na kupakia adhuhuri ya siku hiyo hiyo amevunja kanuni, hata kama waranti aliyoshika ni ya kweli. Basi akibisha mlangoni, mwombe kwa adabu waranti na leseni yake, uvisome, na uhifadhi nakala ya orodha. Na ikiwa milango imefungwa na anahofia kwamba italazimu kuivunja, ni lazima arudi mahakamani kuomba amri ya kusaidiwa na polisi.

Siku saba zikiisha bila malipo, mali huondolewa na kuwekwa pahali salama, mnada ukatangazwa gazetini, na uuzaji hauwezi kufanyika kabla ya siku saba kupita tangu tangazo la kwanza.

Si kila kilichomo nyumbani kinaandikika. Kifungu cha 44 cha sheria hiyo kimevitoa vitu kadhaa mikononi mwa dalali: nguo za lazima za mdaiwa na familia yake, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, na mapambo ambayo mwanamke, kwa desturi ya dini yake, hawezi kutenganishwa nayo. Vimetolewa pia vifaa ambavyo mtu anavitegemea katika kazi yake ya mikono au taaluma yake. Msumeno wa seremala haushikwi. Sufuria inayopikiwa watoto haishikwi. Lakini jokofu, televisheni, makochi na zulia la sebuleni vyote vinashikika.

Bibi alikuwa na matumaini makubwa kwamba dalali ataipata ile tuktuk. Haikupatikana. Tangu siku ya kuuziana alikwisha kukubali usajili uhamishwe kwa jina la mnunuzi, ilhali awamu nyingi hazijalipwa, na mnunuzi akaiuza kwa mtu mwingine wa Kilifi. Rekodi za Mamlaka ya Usafiri na Usalama Barabarani, ile iitwayo NTSA, zilionyesha jina la mtu wa tatu. Mali inayokamatwa ni ya mdaiwa tu. Ile ambayo zamani ilikuwa yake haiguswi.

Dalali akaandika televisheni, jokofu, makochi na cherehani ya umeme. Siku ya tano, mke wa mdaiwa akapeleka mahakamani pingamizi, na kiapo kikieleza kwamba cherehani ni yake, ameinunua kwa fedha zake za ushonaji, na risiti ina jina lake. Sheria inampa haki hiyo mtu yeyote anayedai kuwa mali iliyokamatwa ni yake, si ya mdaiwa, maadamu apeleke pingamizi kabla ya fedha za mauzo kulipwa. Mahakama ikipokea pingamizi lililo sawa inaweza kusimamisha utekelezaji kwa muda usiozidi siku 14, na humwandikia mdai imuulize, ajibu ndani ya siku saba, kama bado anaitaka mali hiyo. Asipojibu, au akijibu kwamba haitaki tena, inaachiliwa. Akishikilia, mahakama husikiliza na kuamua ni ya nani.

Bibi alituomba shauri. Tulimwambia aiache cherehani, naye akaiacha. Hatukusema hivyo kwa huruma peke yake, ingawa ilikuwapo. Risiti ilikuwa wazi, angeshindwa, na gharama za kushindwa zingeongezwa juu ya mgongo wake. Tunaona wadai wengi wakipambana na wake za wadaiwa juu ya vyombo ambavyo kila jirani anajua ni vya mke. Katika nyumba zetu mali ya mke ni mali ya mke, na hilo mahakama hulielewa pia pale linapothibitishwa.

Vitu vitatu vilivyobaki dalali alikuwa amevikadiria shilingi 52,000. Mnadani vikaenda kwa 31,000. Ada ya dalali, usafiri, uhifadhi na tangazo la gazeti vikala 22,500. Bibi akakabidhiwa 8,500. Familia moja imekaa sakafuni, na deni limeshuka kutoka 378,000 hadi 369,500.

Kuna jambo ambalo mdai huambiwa mwishoni badala ya mwanzoni. Ada za dalali kwa kawaida ni za mdaiwa. Lakini mdaiwa asipoonekana, au akikosa mali ya kukamatwa, au mauzo yasipotosha kulipia ada, basi upungufu unamwangukia mdai. Mtu anaweza kumtuma dalali kwa deni lake mwenyewe na akarudi akiwa na deni la dalali. Vyombo vilivyotumika, katika soko letu la mnada, havina bei. Ukamataji wa mali una maana pale mdaiwa ana gari lililosajiliwa kwa jina lake, au duka lenye bidhaa. Kwa makochi, aghalabu huwa ni njia ya kumtisha mdaiwa alipe katika zile siku saba. Wapo wanaotishika. Huyu hakutishika, bali alizindukana, na alivyozindukana ndivyo tutakavyoona sasa.

Katika bahasha ya bibi kulikuwa na karatasi ambayo hakuithamini: nakala ya hundi ya awamu ya pili, ambayo mdaiwa aliiandika katika siku zake za kulipa vizuri. Juu yake kuna jina la benki, tawi, na namba ya akaunti. Mtu anayekudai kwa mkono mmoja na kukulipa kwa hundi kwa mkono mwingine amekuonyesha mahali anapoweka fedha zake. Tunawasihi wafanyabiashara wasizitupe hundi wala stakabadhi za benki za wateja wao.

Agizo la 23 la kanuni zile zile linamruhusu mdai kuzifuata fedha za mdaiwa zilizo mkononi mwa mtu wa tatu. Watu huliita kufungiwa akaunti, lakini mtazamo wa sheria ni mwingine. Fedha ulizoziweka benki si mali yako iliyohifadhiwa kama vito ndani ya sanduku. Ni deni ambalo benki inadaiwa na wewe. Basi mahakama inaiambia benki: huyu unayempa wewe deni lake, naye ana deni lake kwa fulani, kwa hiyo mlipe fulani moja kwa moja. Kwa sababu hiyo njia hii haiishii benki. Mpangaji anayedaiwa kodi na mdaiwa wako anaweza kupewa amri kama hiyo, na vivyo hivyo muuza jumla anayemdai mdaiwa wako malipo ya bidhaa alizompa? La, huyo ni kinyume: anatakiwa awe ni mtu ambaye yeye ndiye anayedaiwa na mdaiwa wako. Tumelitia swali hilo kwa makusudi, kwani ndipo watu wengi hukosea.

Mwendo wake ni wa hatua mbili. Mdai anapeleka ombi na kiapo kinachosema kwamba hukumu ipo, haijalipwa, kiasi gani kimebaki, na kwamba benki fulani inashika fedha za mdaiwa. Ombi hili husikizwa bila mdaiwa kuitwa. Mahakama ikiridhika inatoa amri ya muda, nayo hupelekwa benki angalau siku saba kabla ya siku ya kusikizwa. Dakika amri inapopokewa na benki, fedha zilizomo zinafungika hadi kufikia kiasi cha deni. Mdaiwa naye hupewa nakala. Siku ya kikao benki hufika au hupeleka maelezo, na isipopinga wala kufika, mahakama inaweza kuiamuru ilipe. Benki ikilipa, imeondokewa na deni lake kwa mteja wake kwa kiasi hicho.

Angalia sasa: sheria imeufanya mlango huu uwe wa kimya kimya. Mdaiwa hajulishwi mpaka fedha zimekwisha kufungika. Faida yote ya njia hii imo katika ukimya huo, nayo inapotea ikiwa mdaiwa amekwisha kuamshwa. Bibi alikuwa amemwamsha kwa lori la dalali.

Amri ilipofika benki, akaunti ilikuwa na shilingi 41,500. Baadaye, mdaiwa alipohojiwa kwa kiapo na taarifa ya benki ikawekwa mezani, ilionekana kwamba siku mbili baada ya dalali kuandika makochi yake alikuwa ametoa shilingi 150,000. Alisema alizilipa kwa fundi wa nyumba ya mama yake. Huenda ni kweli. Laiti karatasi ya hundi ingetolewa kwenye bahasha kabla ya dalali kuitwa, zaidi ya nusu ya deni ingelipwa kwa amri moja, na makochi yangebaki mahali pake.

Benki nayo inaweza kuwa na majibu yake, na mdai asishangae akiyasikia. Inaweza kusema akaunti haina kitu. Inaweza kusema mteja ana mkopo wake aliouchelewesha, nayo benki ina haki ya kujilipa kwanza. Inaweza kusema akaunti ni ya watu wawili kwa pamoja, na kwa kawaida akaunti ya namna hiyo hainaswi kwa deni la mmoja wao, kwa kuwa benki inadaiwa na wote wawili.

Jibu la nne linatuhusu sisi wa kamati na vyama vya akina mama zaidi ya wengine: kwamba fedha zilizomo si za mdaiwa. Tunajua vikundi ambavyo mchango wa kuchimba kisima, au wa kununua sanda na kuwazika masikini, unakaa katika akaunti ya jina la mwekahazina kwa sababu kufungua akaunti ya kikundi kulionekana ni usumbufu. Mwekahazina akidaiwa deni lake binafsi, amri itakayofika benki haitajua habari ya kisima. Itafunga. Mahakama ina uwezo wa kumwita mwenye kudai kuwa fedha ni zake na kumsikiliza, lakini hapo itabidi kikundi kije na kumbukumbu za mikutano, daftari la michango na risiti, mbele ya mdai ambaye hana sababu ya kuwaamini. Na ikiwa mwekahazina alikuwa akichanganya humo na mshahara wake, kazi ya kutenganisha ni ngumu mno. Akaunti yenye jina la kikundi na watia saini watatu hufunguliwa kwa asubuhi moja au mbili.

Deni sasa lilikuwa 328,000. Ikabaki njia ya tatu, na hapa bibi aliuliza kabla ya kushika. Kanuni ya 35 ya Agizo la 22 inamruhusu mdai kuomba mdaiwa aitwe mahakamani ahojiwe kwa kiapo: anamiliki nini, nani anamdai, nani anadaiwa naye, anapata kipato gani, na alete vitabu na karatasi zake. Hatua hii haijulikani sana, nayo ina thamani kubwa kuliko gharama yake. Wanachuoni wetu wametofautisha siku zote baina ya mdaiwa aliyeishiwa, ambaye anastahili kupewa muda, na mwenye uwezo anayechelewesha haki ya watu. Tatizo la mdai ni kwamba kwa nje hao wawili wanafanana, wote hawalipi. Mahojiano ya kiapo ndiyo yanayowatenganisha.

Ikajulikana kuwa mdaiwa ni karani katika kampuni moja ya kupokea na kusafirisha mizigo, mshahara wake shilingi 54,000. Kifungu kile cha 44 kinaziweka theluthi mbili za mshahara nje ya mkono wa mdai. Kinachoshikika ni theluthi moja, yaani 18,000 kwa mwezi. Bibi akapiga hesabu ya vidole akafurahi: miezi 19 hivi.

Lakini hati ya mshahara ilikuwa na mistari mingine. Kodi, makato ya lazima na mkopo wa Sacco vilikwisha kuchukua 28,000. Hapa inaingia sheria ya pili, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, kinachosema kwamba makato yote kwa jumla, yakiwamo ya amri ya mahakama, yasizidi theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili za 54,000 ni 36,000. Ukitoa 28,000 zilizokwisha kukatwa, nafasi iliyobaki ni 8,000. Mfanyakazi lazima arudi nyumbani na 18,000 yake, atakayekuja kudai aje.

Hapo ndipo maombi mengi ya mshahara hukwama. Mdai anapata amri ya theluthi moja, anaipeleka kwa mwajiri, mwajiri anajibu kwamba hakuna nafasi, na mdai anadhani amechezewa. Tena wapo wadaiwa wanaokimbilia Sacco kukopa pindi tu wanaposikia kesi, ili hati yao ijae. Dawa yake ni kuiomba hati ya mshahara katika mahojiano, kuzitazama tarehe za mikopo, na kuuliza kila mkopo unaisha lini.

Mkopo wa karani huyu ulikuwa ukimkata 13,000 na ulibakiza miezi kumi. Mahakama ikaamuru mwajiri akate 8,000 kila mwezi na kuzipeleka mahakamani. Amri kama hiyo inamfunga mwajiri mwenyewe. Akiipuuza na kumlipa mfanyakazi fedha zilizotakiwa kuzuiwa, anaweza kutakiwa azilipe yeye. Aidha si halali kuizungushia kwa njia ya benki: mshahara una mlango wake katika Agizo la 22, na Agizo la 23 limeutoa waziwazi katika madeni yanayonaswa mkononi mwa mtu wa tatu.

Miezi kumi kwa 8,000 ni 80,000. Mwezi wa kumi na moja bibi alirudi mahakamani na hati mpya ya mshahara. Makato mengine yalikuwa yameshuka hadi 15,000, nafasi chini ya Sheria ya Ajira ikawa 21,000, lakini kifungu cha 44 hakiruhusu zaidi ya 18,000, kwa hiyo amri ikabadilishwa kuwa 18,000. Asingerudi, mwajiri angeendelea kukata 8,000 kama alivyoamriwa, na hakuna ambaye angemkumbusha. Zilizobaki, 248,000, zinahitaji miezi 14. Jumla ni miaka miwili kamili, ikiwa karani hataacha kazi. Akiacha, amri haimfuati kwa mwajiri mpya yenyewe, na bibi atalazimika kuomba nyingine.

Kwa upande wa mdaiwa, tulimwita nyumbani kwa mmoja wetu tukazungumza naye, kwani naye ni jirani. Alituambia hakujua kwamba tangu siku ya hukumu angeweza yeye mwenyewe kuiomba mahakama imruhusu alipe kwa awamu. Agizo la 21 linampa mdaiwa nafasi hiyo, na mahakama inaweza kukubali hata kama mdai hakuridhia, ikiwa sababu zinatosha. Angekuja na hati yake ya mshahara na kulipa awamu ya kwanza siku hiyo hiyo, huenda dalali asingebisha mlangoni kwake. Alinyamaza kwa sababu aliona aibu. Tunajua wengi wanaonyamaza kwa sababu hiyo hiyo, na ukimya wao mahakamani husomeka kama ukaidi.

Neno juu ya riba, kwani bibi alitutaka tuliseme. Mahakama ina mamlaka ya kuongeza riba juu ya kiasi cha hukumu mpaka kilipwe, na mawakili huiomba karibu kila mara kwa kuwa imo katika mifano ya hati wanayoitumia. Yeye alimwambia wakili wake tangu mwanzo aiondoe. Mdai asiyeitaka aseme mapema, kabla hati haijapelekwa, maana ikikwisha kuingia katika hukumu huhesabiwa na karani katika kila ombi, na mwenye kuisamehe lazima aandike kwamba ameisamehe.

Tulipomtembelea mwezi uliopita alikuwa na daftari la shule la mjukuu wake. Kila mwezi anaandika tarehe aliyokwenda masijala, kiasi alichokuta kimeletwa na mwajiri, na kilichobaki. Mstari wa mwisho ulisema 176,000. Ile nakala ya hundi ameibandika kwa gundi kwenye ukurasa wa kwanza.